Mlima wa Udongo: Zigurati za Mesopotamia na Vita Vyao na Maji

Ukisimama kusini mwa Iraki, karibu na mji wa Nasiria, nchi ni tambarare mpaka macho yanachoka. Hakuna kilima, hakuna jabali, wala huokoti jiwe la kutupia ndege shambani. Kilichopo ni udongo ulioletwa na mito miwili, Eufrate na Tigri, mwaka hadi mwaka kwa maelfu ya miaka. Katikati ya tambarare hiyo kuna kitu kimoja kinachoinuka: jengo pana la matofali lenye kuta zinazoegemea ndani na ngazi ndefu zinazopanda mbele yake. Hiyo ndiyo zigurati ya Uru. Ilianza kujengwa zaidi ya miaka elfu nne iliyopita, na karibu yote ni udongo mtupu.

Mtu yeyote aliyekulia kwenye nyumba ya udongo anajua jambo la kwanza la kuuliza hapa. Ukuta wa tofali bichi hauogopi jua wala upepo sana. Unachoogopa ni maji. Mvua ikiupiga bila upenu wa kuukinga, unalainika na kumeguka. Unyevu ukipanda kutoka ardhini, unauchimba miguuni hadi uanguke. Sasa fikiria mlima mzima wa tofali bichi, usio na paa, katika nchi ya mito inayofurika. Umesimamaje? Historia ya minara hii ni historia ya watu waliotafuta jibu la swali hilo, wakalipata, na wakalazimika kulitafuta upya kila baada ya vizazi vichache.

Hekalu juu ya hekalu: kabla ya 3000 KK

Hakuna mfalme aliyeamka siku moja akaamuru mnara wa ngazi. Ulikua wenyewe kutoka chini, na mahali panapoonyesha vizuri jinsi ulivyokua ni Eridu, mji ambao Wasumeri waliuhesabu kuwa wa kwanza kabisa duniani.

Kati ya 1946 na 1949, wachimbaji wa Iraki walichimba chini ya pembe ya zigurati iliyobomoka hapo Eridu. Chini yake walikuta hekalu. Chini ya hekalu hilo walikuta jingine, na chini yake jingine, zaidi ya kumi na tano kwa ujumla, kila moja likiwa limekalia mabaki ya lililotangulia. La chini kabisa kati ya yaliyosomeka vizuri lilikuwa chumba kimoja kidogo, mita tatu hivi kwa mbili, chenye kidaka ukutani na meza ya udongo ya kuwekea sadaka. Katika mahekalu ya juu yake walikuta mifupa mingi ya samaki sakafuni, mabaki ya sadaka zilizoletwa na watu waliokaa kando ya vinamasi.

Mpangilio huo una sababu ya kawaida kabisa. Hekalu la udongo lilichakaa baada ya miaka kadhaa, kama nyumba yoyote ya udongo. Mtu wa kawaida angehamisha nyumba yake hatua chache kando. Lakini makazi ya mungu hayakuhamishika: ardhi ile ile ndiyo iliyokuwa takatifu. Basi kuta za zamani zilipunguzwa, vyumba vikajazwa matofali mpaka vikawa kitu kimoja kigumu, na hekalu jipya likajengwa juu yake, kubwa kidogo kuliko la kwanza. Kila hekalu lililokufa likawa msingi wa mrithi wake. Baada ya karne nyingi mungu wa Eridu, Enki, bwana wa maji matamu, alijikuta anakaa juu ya jukwaa refu ambalo hakuna aliyelipanga tangu mwanzo.

Hapo fikra ikageuka. Kilichokuwa matokeo ya ukarabati kikawa kitu cha kutafutwa. Katika mji wa Uruki, miaka ya kati ya 3500 na 3200 KK, watu walijenga hekalu lenye urefu wa mita 22 hivi juu ya jukwaa la udongo la mita 13 hivi, wakalipaka lipu nyeupe ya jasi. Wataalamu wanaliita Hekalu Jeupe. Kwa mtu aliyekuwa akija kwa mtumbwi au akiswaga kondoo kwenye uwanda ule, weupe huo ulikuwa ukionekana kabla mji wenyewe haujatokea. Kimo sasa kilikuwa na kazi: kumtangaza mungu, na kuutangaza mji wake.

Bado haikuwa zigurati. Lilikuwa jukwaa moja. Neno zigurati lenyewe linatokana na lugha ya Kiakadi, kutoka kitenzi chenye maana ya kujenga kwenda juu, na linahusu jukwaa juu ya jukwaa, kila moja dogo kuliko la chini yake, na hekalu kileleni. Kwa umbo hilo kamili tunapaswa kusubiri hadi karibu mwaka 2100 KK, na kurudi Uru.

Mfalme na karai la udongo: Uru, karibu 2100 KK

Dola ya Akadi ilikuwa imeanguka, na kusini mwa nchi palikuwa pamepita kipindi cha vurugu. Ur-Nammu alipotwaa madaraka Uru, karibu 2112 KK, alihitaji kuonyesha kwamba utaratibu umerudi. Alichimba na kufufua mifereji ya umwagiliaji, akatoa sheria zilizoandikwa, na akajenga zigurati katika miji mikubwa ya nchi yake: Uru, Eridu, Uruki na Nipuri. Mambo haya yalikwenda pamoja. Mfereji na mnara vilijengwa kwa kitu kimoja, udongo, na kwa watu wale wale, wananchi walioitwa kufanya kazi ya serikali kwa zamu na kulipwa posho ya shayiri. Katika enzi hii posho ya mwanamume mfanyakazi ilikuwa kwa kawaida lita 60 hivi za shayiri kwa mwezi.

Mfalme mwenyewe alitaka aonekane kama fundi. Kwenye jiwe la kumbukumbu lililofukuliwa Uru, Ur-Nammu amechongwa akibeba zana za ujenzi begani, na mtumishi nyuma yake akimsaidia kushikilia mzigo. Na katika misingi ya mahekalu yake kulizikwa visanamu vya shaba vinavyomwonyesha akiwa na karai la udongo kichwani, kama kibarua yeyote wa siku ile.

Kazi ilianza kwa tofali. Mwezi wa tatu wa kalenda yao, ambao huangukia karibu Mei na Juni, uliitwa mwezi wa matofali, na jina hilo lina hekima ndani yake. Wakati huo mafuriko ya masika yao yameanza kupungua, udongo bado una maji ya kutosha kukandwa, majani makavu ya mavuno ya shayiri yako tele, na jua la kiangazi liko mlangoni. Udongo ulikandwa na majani yaliyokatwakatwa, ukashindiliwa kwenye kalibu ya mbao, kisha kalibu ikavutwa juu na tofali likaachwa juani. Yale majani hayakuwa ya kujaza nafasi. Yalizuia tofali lisipasuke linapokauka, kwa kuwa udongo hujikunja unapopoteza maji, na nyuzi za majani hulishika pamoja.

Kwa matofali mabichi ya namna hiyo walijenga kiini cha mnara. Kiini hicho ni kigumu, hakina chumba wala njia ndani yake. Msingi wake ulikuwa na urefu wa mita 62 na nusu hivi na upana wa mita 43, na pembe zake nne zilielekezwa kwenye pande nne za dunia. Orofa ya kwanza ilipanda mita 11 hivi. Ya pili na ya tatu, zilizokuwa fupi na nyembamba zaidi, zilikaa juu yake, na juu kabisa ndipo palipokuwa na hekalu la Nana, mungu wa mwezi, mwenyeji wa Uru.

Kisha kiini kikavishwa ganda. Hili lilikuwa ukuta wa matofali ya kuchoma, wenye unene wa mita mbili na nusu, uliozunguka pande zote. Hapa tunaweza kupiga hesabu wenyewe. Mzunguko wa orofa ya kwanza ni kama mita 200, kimo ni mita 11, unene mita 2.5, hiyo ni mita za ujazo 5,500 hivi. Tofali la kuchoma la Ur-Nammu lilikuwa la mraba, karibu sentimita 30 kwa 30, na unene wa sentimita 7. Ukihesabu na nafasi ya kiungio, mita moja ya ujazo inakula matofali kama 130. Kwa hiyo ganda la orofa ya chini peke yake lilihitaji matofali ya kuchoma yapatayo laki saba, kila moja likiwa na uzito wa kilo kumi hivi.

Na kuchoma tofali kulikuwa gharama kubwa kuliko kulifyatua. Katika nchi isiyo na misitu, kila tanuri lililishwa kwa matete, vichaka vya nyikani na samadi iliyokaushwa. Ndiyo maana matofali ya kuchoma yaliwekwa pale tu maji yalipogusa, yaani nje, na kiini kikaachiwa tofali bichi ambalo jua lilikausha bure. Matofali mengi yalipigwa muhuri wenye jina la mfalme na jina la mungu aliyejengewa. Muhuri huo, kama tutakavyoona, ulikuja kufanya kazi ambayo Ur-Nammu hakuitarajia.

Lami, matete na vitundu

Ganda la tofali halitoshi ikiwa maji yanapenya kwenye viungio. Mafundi wa Uru hawakutumia udongo kuunganisha matofali ya nje. Walitumia lami. Lami ilichimbuka yenyewe ardhini mahali kama Hiti, kwenye kingo za Eufrate kaskazini, ikashushwa kwa vyombo vya mtoni. Ilipashwa moto, ikachanganywa na vitu vya kuikaza, ikamiminwa kati ya tofali na tofali. Ikipoa, hushika kama gundi na haipitishi maji. Mpaka leo, ukichungulia kwenye kuta za asili za Uru, mistari ile myeusi iko pale pale kati ya matofali mekundu, na Waarabu wa jirani waliuita mlima huo Tell al-Muqayyar, yaani kilima chenye lami.

Mwandishi wa kitabu cha Mwanzo, anaposimulia Mnara wa Babeli, anasimama kidogo kuwaeleza wasomaji wake kwamba watu wale walitumia matofali yaliyochomwa na lami. Wasomaji wake walikuwa watu wa nchi ya mawe na chokaa, ilibidi waelezwe. Yeyote aliyeandika sentensi ile alijua minara halisi ilivyojengwa.

Lakini ganda lisilopitisha maji lina hatari yake. Maji yanayozuiwa kuingia huzuiwa pia kutoka. Kiini cha tofali bichi kina unyevu wake tangu siku ya kujengwa, na kila mvua ya kipupwe huingiza mwingine kupitia sakafu za juu. Udongo ukinywa maji huvimba. Ukivimba ndani ya ganda gumu, husukuma. Dalili ya kwanza ni ukuta kutoa tumbo. Baadaye hupata ufa, na mwisho kipande kizima cha ganda hutengana na kiini na kuporomoka.

Mafundi waliliona hilo mapema. Kwenye kuta za Uru kuna vitundu vyembamba virefu, vimepangwa safu juu ya safu, vinavyopenya unene wote wa ganda na kuingia ndani ya kiini, na humo ndani vimejazwa vigae vya vyungu vilivyovunjika. Vigae huacha nafasi ambamo hewa na maji hupita. Leonard Woolley, Mwingereza aliyeongoza uchimbaji wa Uru kuanzia 1922 hadi 1934, alifikiri kwamba vitundu hivyo vilikuwa vya kutolea maji yaliyomwagiliwa miti iliyopandwa kwenye sakafu za mnara, na picha ya mlima wenye bustani ikawavutia watu wengi. Wataalamu wengi wa baadaye wanaona jibu rahisi zaidi: vitundu ni pua za mnara. Kupitia humo kiini kilipumua na kukauka.

Dawa ya tatu ilikuwa matete. Mahali pazuri pa kuiona si Uru bali Akar-kufu, magharibi ya Baghdadi, ambako mfalme wa Wakasi aitwaye Kurigalzu alijenga zigurati karibu karne ya 14 KK. Ganda la mnara huo limekwisha kuibiwa au kuanguka zamani, na kiini kimebaki uchi, kisiki cha udongo chenye kimo cha zaidi ya mita 50. Ukikaribia, unaona mistari ya giza inayokizunguka kwa kulala, ikitokeza nje kama rafu. Hayo ni majamvi ya matete. Kila baada ya safu saba, nane au tisa za matofali, mafundi walitandika majamvi juu ya tabaka la mchanga, kisha wakaendelea kujenga. Upepo na mvua vimeyala matofali katikati, majamvi yamebaki yakining'inia. Kwa kuongezea, kamba nene za matete yaliyosokotwa zilipitishwa kutoka upande mmoja wa jengo hadi mwingine, zikiufunga mlima kama tita la kuni. Majamvi yaligawa uzito sawasawa, yalizuia ufa wa safu moja usipande hadi nyingine, na yalifungua njia ya unyevu kutoka. Kwamba tunaweza kuyashika kwa mkono baada ya miaka zaidi ya 3,300 ni ushahidi wa kutosha kuwa fundi alijua alichokuwa akifanya.

Waliopanda na waliobaki chini

Wasafiri wa kwanza kutoka Ulaya walipoiona minara hii walikumbuka piramidi za Misri, wakatafuta makaburi ndani yake. Hakuna. Zigurati haikuzika mtu. Wala haikuwa mahali pa umati kukusanyika kuabudu. Uru ina ngazi tatu upande wa mbele, kila moja ya vidato mia, zinazokutana kwenye lango moja kati ya orofa ya kwanza na ya pili; lakini ukubwa wa ngazi usitudanganye. Waliozipanda walikuwa makuhani na watumishi wachache wa mungu. Mwananchi aliona maandamano kutoka chini, au kutoka nje ya ukuta uliozunguka eneo takatifu.

Fikra yenyewe ilikuwa hii: mungu ana makao, na makao hayo yana mahali pa kushukia na mahali pa kuishi. Zigurati ya Nipuri ilihusishwa na hekalu lililoitwa Ekuri, yaani nyumba ya mlima. Ile ya Babeli iliitwa Etemenanki, nyumba ya msingi wa mbingu na nchi. Katika nchi isiyo na mlima, watu walimjengea mungu mlima, ili kati ya anga na ardhi pawe na daraja. Ngazi zilikuwa za mungu kushuka zaidi ya kuwa za binadamu kupanda.

Maisha ya kila siku yalikuwa chini, kwenye ua na majengo yaliyozunguka mguu wa mnara. Hapo mungu alihudumiwa kama bwana mwenye nyumba kubwa. Alipikiwa, akaandaliwa meza, akavishwa, akaimbiwa. Maziwa, samaki, tende, shayiri na mifugo vililetwa kama sadaka na kodi, vikapokelewa, vikaandikwa na makarani kwenye vibao vya udongo, vikahifadhiwa ghalani. Baada ya mungu kula kwa namna yake, chakula kiligawiwa kwa watumishi wa hekalu. Zigurati ilikuwa kichwa cha mwili huo. Tumbo lake lilikuwa maghala na majiko.

Uru pia palikuwa na jengo lililoitwa giparu, makao ya kuhani mkuu wa kike wa Nana. Kwa kawaida alikuwa binti wa mfalme. Maarufu kuliko wote ni Enheduana, binti Sargoni wa Akadi, aliyeshika cheo hicho karibu 2300 KK, kabla ya mnara wa Ur-Nammu kuwepo, na ambaye ni miongoni mwa watunzi wa kwanza duniani ambao majina yao tunayajua. Kumweka binti yake pale kulimpa mfalme sikio na mkono ndani ya mji ambao haukuwa wa kwao. Ibada na utawala havikutengana.

Usipoziba ufa: kutoka 2004 hadi 539 KK

Ur-Nammu hakuuona mnara wake ukiisha. Mwanawe Shulgi aliendeleza kazi. Kisha karibu 2004 KK Waelami kutoka mashariki waliingia Uru, wakauteketeza mji na kumchukua mateka mfalme wake wa mwisho, Ibi-Sini. Nasaba ikafa. Mnara haukufa, na sababu ni kwamba Nana alibaki kuwa mungu, hata wafalme walipobadilika.

Wahenga wetu wanasema usipoziba ufa utajenga ukuta. Wafalme wa Mesopotamia walilijua hilo kwa hasara. Zigurati ilipoachwa kizazi kimoja, lami ilipasuka, vitundu vikaziba, maji yakakaa kwenye sakafu za juu, na ganda likaanza kutoa tumbo. Kwa hiyo kila utawala uliotaka kuheshimiwa ulirudi kufanya kazi ile ile. Kurigalzu wa Wakasi alikarabati Uru. Katika karne ya 7 KK gavana aliyeitwa Sin-balasu-ikbi alifanya hivyo tena. Kutengeneza mnara wa zamani kulikuwa ni kusema: mimi ni mrithi halali.

Aliyelichukulia jambo hili kwa moyo wote ni Nabonidus, mfalme wa mwisho wa Babeli, aliyetawala kutoka 556 hadi 539 KK. Alimpenda mungu wa mwezi kuliko miungu mingine, na alipofika Uru aliikuta zigurati imechakaa. Hakuanza kujenga upya kwa kubahatisha. Alitafuta maandishi ya waliomtangulia, akasoma majina ya Ur-Nammu na Shulgi, akatambua kwamba baba aliuanza mnara na mwana akaumaliza. Wakati huo maandishi hayo yalikuwa na umri wa miaka zaidi ya 1,500. Kisha akaurudishia mnara mwili wake kwa lami na matofali ya kuchoma, akajenga hekalu la kileleni, na kumweka binti yake Enigaldi-Nana kuwa kuhani mkuu, kama Sargoni alivyofanya karne kumi na saba kabla yake. Akaandika yote hayo kwenye silinda ndogo za udongo, akazificha katika pembe nne za jengo.

Mwaka 539 KK Waajemi waliingia Babeli. Hakuja mfalme mwingine wa kuifanya Uru jambo la moyo wake. Na taratibu mto Eufrate, uliokuwa ukipita kando ya mji, ulihama njia yake. Mji ulioogopa maji kwa miaka elfu mbili sasa ukakosa maji ya kunywa, na watu wakaondoka.

Babeli: mnara mkubwa kuliko yote

Wakati Uru inazeeka, Babeli ilikuwa imejenga mnara uliozidi yote. Etemenanki ilijengwa upya na Nabopolasari, aliyetawala kutoka 626 KK, na kukamilishwa na mwanawe Nebukadreza, aliyefariki 562 KK. Msingi wake ulikuwa mraba wa mita 91 kila upande. Kibao kimoja cha hesabu, ambacho nakala yake ilinakiliwa mwaka 229 KK, kinautaja kuwa na orofa saba na kimo kilicho sawa na upana wake. Katika maandishi yake, Nabopolasari anasimulia kwamba yeye mwenyewe alibeba matofali na udongo kichwani, na kwamba alimbebesha kazi hiyo hata mwanawe mkubwa, Nebukadreza. Picha ya Ur-Nammu na karai lake ilikuwa bado hai baada ya miaka 1,500.

Babeli ilichukua somo la ganda na kulikuza. Kiini cha tofali bichi kilivishwa ukuta wa matofali ya kuchoma wenye unene wa mita 15 hivi. Kwa maji ya mvua, ilikuwa kinga isiyo na mfano. Lakini ilitengeneza udhaifu mpya. Katika nchi isiyo na jiwe na yenye kuni chache, lundo kubwa namna ile la tofali zuri, tayari limechomwa, ni hazina iliyoachwa wazi.

Aleksanda wa Makedonia alipofika mwaka 331 KK, mnara ulikuwa umeharibika kiasi kwamba aliamua kuondoa kifusi kwanza ndipo ajenge upya. Mwanajiografia Strabo anasema kusafisha kifusi peke yake kulikadiriwa kuwa kazi ya watu 10,000 kwa miezi miwili. Aleksanda alifariki Babeli mwaka 323 KK. Kubomoa kulikuwa kumefanyika, kujenga hakukufanyika. Kilichobaki cha ganda kilichukuliwa na wenyeji wa vizazi vilivyofuata, tofali kwa tofali, kwa nyumba na visima vyao, mpaka karne ya 19. Mjerumani Robert Koldewey, aliyechimba Babeli kutoka 1899 hadi 1917, hakukuta mnara. Alikuta alama ya mraba ardhini: kiini cha udongo kilichobaki kama kisiwa kifupi, na handaki pande zote pale ganda lilipokuwa.

Muhuri unazungumza: 1854 na baadaye

Mwaka 1854 Taylor, balozi mdogo wa Uingereza huko Basra, alitumwa kuchimba kwenye kilima cha lami. Alitafuta vyumba vya ndani, na ili avifikie alibomoa kutoka juu, akaharibu sehemu za orofa za juu zilizokuwa zimebaki. Ndani hakukuta kitu, kwa kuwa hapakuwa na kitu cha kukuta. Lakini kwenye pembe aliokota silinda za udongo za Nabonidus. Ziliposomwa, zilikitambulisha kilima kisicho na jina kuwa Uru, mji ambao Biblia inautaja kuwa wa Ibrahimu. Tena zilimtaja Belshaza, mwana wa Nabonidus. Mpaka siku hiyo Belshaza alijulikana kutoka kitabu cha Danieli na vilivyokifuata, na baadhi ya wasomi walishuku kama aliwahi kuwepo.

Woolley alipokuja 1922, matofali yenye mihuri yalimsaidia kuvua mnara nguo moja baada ya nyingine: hili la Nabonidus, hili la Kurigalzu, hili la Ur-Nammu. Orofa ya chini aliikuta imesimama vizuri, ikikingwa na kifusi cha zile za juu. Kuanguka kwa kilele kulikuwa kumeuzika mguu na kuuhifadhi. Katika miaka ya 1980 serikali ya Iraki iliijengea upya sura ya mbele na ngazi tatu, kwa hiyo mgeni anayepanda leo anakanyaga tofali la juzi, huku ukuta wa Ur-Nammu ukiwa nyuma yake. Ni ukarabati mwingine katika mnyororo ule ule.

Tofauti kati ya Uru na Babeli ndiyo inayobaki akilini. Uru ilivaa ganda la wastani, ikatengenezwa mara kwa mara, kisha ikatupwa jangwani mbali na watu wanaohitaji matofali, ingali imesimama. Babeli ilivaa ganda nene kuliko lote katikati ya watu. Ganda hilo ndilo lililoimaliza. Wenyeji wa pale walipaita Sahn, neno lile lile la Kiarabu lililotupa sisi sahani. Na kweli pamekaa kama sahani: ardhi iliyobonyea, yenye mraba katikati, ambayo maji ya ardhini yanapopanda hujaza handaki lote, na matete huota humo. Udongo, maji na matete, vitu vile vile vitatu ambavyo mafundi walianza navyo Eridu, sasa vimelala pamoja mahali ulipokuwa mnara, bila mtu wa kuvipanga.